Namba Tisa Nyuma ya Lori la Pamba

Sikuwa nimelala.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu, wakiwemo mama yangu, mjomba wangu na padri mmoja aliyeuliza kwa upole, kwamba siku ya mbio za baiskeli nilisinzia juu ya magunia ya pamba tangu Isaka hadi Shinyanga mjini. Niliisimulia vizuri sana habari ya usingizi ule. Niliuongezea ndoto, na mate yaliyonitoka shavuni. Ukweli ni kwamba barabara ile ya vumbi ilikuwa na mashimo ambayo yangemwamsha maiti. Nilikuwa macho, nimeshika kamba ya turubai kwa mikono miwili, na niliyaona yote.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na nilirudi likizo nikiwa na vitu viwili vya fahari. Kimoja ni viatu vya raizoni, soli nene kama matofali. Kingine ni tabia ya kusema "kimsingi" kabla ya kila sentensi. Viatu vilinichubua. Tabia iliwachubua wengine.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi baiskeli karibu na stesheni. Kibanda chake kilikuwa na mabati matatu, benchi, na harufu ya gundi. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ikionekana dukani kama mgeni wa serikali: kwa taarifa, kwa muda mfupi, na kwa wachache. Tairi jipya la baiskeli lilikuwa habari ya kusimulia. Kwa hiyo watu walipotaka kushindana nani atashinda mbio au mpira, hawakuweka hela, maana hela haikununua kitu. Waliweka vitu. Mche wa sabuni kwa mche wa sabuni. Tairi kwa gunia la mpunga. Mjomba ndiye aliyetunza vitu hivyo kwenye sanduku lenye kufuli, na vilivyo hai alivifunga nyuma ya kibanda. Ujira wake ulikuwa kwamba wote wenye madau walitengeneza baiskeli kwake, na hakuna aliyethubutu kulalamika kuhusu bei.

Utaratibu ulikuwa wa watu wawili wawili. Wewe unasema namba tisa atakuwa wa kwanza, mimi nasema namba kumi na nne, na kila mmoja anaweka chake. Wa kwako akiwa wa kwanza, unachukua vyote. Asipokuwa wa kwanza wa kwako wala wa kwangu, kila mtu anarudi nyumbani na chake.

Mwaka mmoja kabla, utaratibu huo ulikuwa umemtoa mjomba damu ya pua. Timu ya kiwanda cha pamba ilicheza na timu ya reli, mabao yakawa moja kwa moja, kisha mwamuzi akatoa penalti na timu ya reli ikagoma, ikatoka uwanjani. Jioni ile mjomba aliwalipa waliosema sare. Juma lililofuata kamati ya mpira ikakaa, ikasema aliyetoka uwanjani ameshindwa, ikaipa timu ya kiwanda ushindi na mabao mawili ya mezani. Waliosema kiwanda kitashinda wakaja kudai. Waliosema sare walikuwa wameshaoga na sabuni za watu. Katikati ya mashauriano mtu mmoja alirusha pampu ya baiskeli.

"Safari hii," mjomba aliniambia siku niliposhuka na mabegi yangu, hata maji sijanywa, "nataka yaandikwe. Wewe si ndiye msomi? Andika."

"Kimsingi, mjomba, hapa kuna suala la tafsiri ya matokeo."

"Shika kalamu."

Nikaandika kwenye ubao wa sanduku la chai, kwa rangi nyekundu ya kupaka fremu. Kwanza: dau linafuata matokeo ya kamati, halifuati macho ya mtu. Pili: kamati ikitangaza mshindi uwanjani, mwenye dau anapewa chake siku hiyo hiyo. Tatu: kamati ikibadili matokeo ndani ya siku kumi na nne, vitu vinarudi na kupewa anayestahili, zikipita siku kumi na nne, hata malaika akishuka na karatasi, hakuna kitu kinachorudi.

Malaika niliongeza mimi. Mjomba alisoma mara mbili, akasema inatosha, akautundika ubao juu ya benchi. Nilijiona mbunge.

Mbio za mwaka ule zilianzia Kahama, zikapita Isaka na Tinde, na mwisho wake ulikuwa uwanja wa mpira wa Shinyanga. Namba tisa alikuwa kijana mwembamba kutoka Geita, mchimbaji wa mashimo ya dhahabu, na watu walisema mapafu yake yamezoea kukosa hewa. Namba kumi na nne alikuwa mkulima wa Samuye, mtu wa miraba minne, kimya kama ng'ombe wake. Mimi niliweka raizoni zangu kwa namba tisa. Muuguzi mmoja wa hospitali ya mkoa aliweka doti ya khanga mpya, bado ina wanga wa dukani, kwa namba kumi na nne. Nilimchagua tisa kwa sababu za kisayansi: alikuwa na sura nzuri.

Dau lililozungumzwa mji mzima, hata hivyo, lilikuwa la mzee mmoja wa Samuye na katekista wa parokia. Mzee aliweka mtamba mwekundu mwenye mimba, kwa ajili ya kijana wa kijijini kwake. Katekista, mtu wa Ushirombo mwenye sauti nzuri ya kuimbisha, aliweka cherehani ya miguu kwa ajili ya namba tisa. Alipoulizwa kama Kanisa linaruhusu, alisema yeye haweki dau, anaonyesha imani.

Siku mbili kabla ya mbio nilikwenda Kahama kumwona shangazi, na siku yenyewe basi halikuja. Dereva wa lori la pamba akanihurumia, akanipandisha juu ya magunia, kitu ambacho bosi wake alikuwa amekikataza kabisa. "Ukiulizwa," alisema, "wewe ni gunia."

Baada ya Tinde upepo ulitupiga usoni. Lori lilikuwa limejaa kupita kiasi na lilijikokota. Nyuma yetu lilifuata vumbi zito, ukuta mzima, na aliyekuwa chini barabarani hakuweza kuona chochote ndani yake. Mimi nilikuwa juu. Niliangalia chini, nyuma ya bodi la lori, na katikati ya vumbi lile nikamwona namba tisa, kitambaa kimefungwa puani, mkono wa kushoto umeshika mnyororo wa bodi, miguu imetulia kwenye pedali kama mtu anayesubiri chai.

Tulitazamana. Akacheka. Mimi, mtunga sheria, nikafanya nini? Nilimdondoshea karanga. Nilikuwa nazo kwenye karatasi, nikazimimina moja kwa moja mkononi mwake, naye akazila bila kuachia mnyororo. Kisha tukampita mwendesha baiskeli mmoja, amejikunja juu ya usukani, ametiwa vumbi mpaka kope. Mgongoni nilisoma kumi na nne. Haikuchukua muda mrefu. Kabla ya kituo cha Samuye, pale ambapo waamuzi walikuwa wakiwagonga washindani muhuri mkononi, namba tisa aliachia mnyororo, akanipungia, akaanza kukanyaga kwa juhudi ya mtu asiye na dhambi.

Uwanjani alifika wa kwanza. Kumi na nne akafika wa pili. Mgeni rasmi alikuwa na safari, akataka kutoa zawadi upesi, kwa hiyo matokeo yalitangazwa papo hapo kwa kipaza sauti. Jioni ile mjomba akafungua sanduku. Muuguzi alinikabidhi khanga huku akitazama viatu nilivyorudishiwa. Mzee wa Samuye alimfungua mtamba kamba kwa mkono wake, akampa katekista, akaondoka kwa miguu bila kugeuka.

Nilichokuwa sijui, kwa kuwa nilikuwa najipima khanga, ni kwamba kabla ya zawadi kutolewa, namba kumi na nne alikuwa amekwishamfuata mwamuzi mkuu na kuandikisha rufaa. Maneno yake yalisambaa mjini kesho yake, na mpaka leo sijasikia hoja nzuri kuliko ile. Alisema: "Tangu Tinde nilikuwa mbele. Sikupitwa na baiskeli. Nilipitwa na vumbi. Nimefika Samuye, namkuta mtu mbele yangu."

Rufaa ilipelekwa Mwanza, kwenye kamati ya mbio ya kanda. Katibu akatuma swali kwa watu waliokuwemo ndani ya lori. Dereva akajibu kwa barua kwamba hakuona kitu nyuma, na kwamba hakuwa na abiria, alikuwa na magunia tu. Lakini watu walikuwa wameniona nikishuka kiwandani na pamba kwenye nywele. Wakaniuliza.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Ilinitoka yenyewe. Nikiisema vingine, dereva anafukuzwa kazi. Nikiisema vingine, zinakwenda khanga, na raizoni pia, maana dau likigeuka muuguzi anachukua vyote. Halafu kulikuwa na karanga. Nilikuwa nimeandika sheria kwa rangi nyekundu, kisha nikamlisha mvunja sheria. Usingizi ulinifaa kuliko vyote hivyo.

Siku ya nane alikuja mama mmoja kibandani, mtu mzima, amejifunga kaniki, amesimama kwa namna ya mtu aliyetembea tangu alfajiri. Mjomba alikuwa anapuliza tyubu. Katekista alikuwepo, anasubiri breki.

"Mwangaluka," alisema yule mama, akitusalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," mjomba akajibu, akasimama. "Karibu. Keti."

"Sikai. Nimetoka Samuye. Mtamba mwekundu yuko wapi?"

Mjomba akaniangalia mimi, mimi nikaangalia ubao.

"Yuko kwangu, mama," katekista alisema. "Yuko salama kabisa. Na, kwa neema ya Mungu, amezaa jana usiku. Dume."

Yule mama alifumba macho kidogo. "Yule ng'ombe si wa mume wangu," alisema. "Kaka yangu alinipa nilipompoteza mwanangu wa kike, nikabaki na mtoto aliyeniachia. Mtoto ana miezi minne. Nilikuwa nahesabu siku mtamba azae, nipate maziwa. Namnywesha uji wa muhogo. Mume wangu alimtoa zizini nikiwa shambani, akarudi na kamba tupu."

Mteja mmoja aliyekuwa anagonga rimu aliweka nyundo chini.

"Mama," mjomba alisema, "sikujua. Naapa sikujua. Ningejua ningemwambia mzee arudi nyumbani na ng'ombe wake."

"Ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako. Lakini sasa amekwishatoka. Mzee aliweka dau kwa mdomo wake mbele ya watu, hakuna aliyebisha. Nikimrudisha kwa huruma, kesho kila aliyeshindwa ataleta mke wake hapa."

"Huyu katekista anirudishie basi. Si mtu wa dini?"

Katekista alikohoa. "Mama, ningependa. Lakini cherehani yangu nayo ilikuwa imewekwa. Ningeshindwa mimi, nani angekuja kulia kwa ajili ya cherehani?"

"Cherehani inanyonyesha?"

Watu wakacheka, katekista naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, "Kama kamati ikisema kumi na nne ndiye mshindi, nitamleta mwenyewe, kwa kamba. Ubao unasema hivyo. Siwezi kuukataa ubao kwa sababu safari hii umenipendelea."

"Nielezeni huo ubao," mama alisema. "Sijui kusoma. Mtu amefika wa kwanza, watu wamemwona. Amepewa zawadi. Mtamba amegawiwa. Kesho mnasema hakufika wa kwanza. Miguu yake ilirudi nyuma?"

Mjomba alifuta mikono kwenye kitambaa. Mtu huyu hakumaliza darasa la nne, na mimi nilikuwa nimesikiliza wahadhiri mwaka mzima, lakini hakuna aliyewahi kunieleza jambo kama alivyomweleza yule mama.

"Mama, dau si juu ya nani ana mbio. Hilo hatulijui. Wewe utasema huyu, mimi nitasema yule, kila jicho linaona kilichowekwa sandukuni. Dau ni juu ya jibu la kamati. Ni kama mtihani. Mwalimu amesahihisha haraka, akakupa tano kwa tano, ukaenda kucheza. Kesho akagundua uliangalia daftari la jirani. Anafuta alama. Hajakuibia, alama zile hazikuwa zako tangu mwanzo, ila hakuwa amejua. Sasa mimi niliyetoa pipi kwa aliyepata tano, nifanyeje? Nikiacha pipi kwa mwenye alama zilizofutwa, nimelipa jibu ambalo halipo. Ndiyo maana narudisha."

"Kwa nini usingoje, basi? Usitoe kitu mpaka waseme la mwisho."

"Nilijaribu kungoja zamani. Watu walisema nakula vitu vyao. Na kuku wao wakafa nyuma hapa. Kwa hiyo natoa siku ile ile, lakini mlango nauacha wazi siku kumi na nne. Baada ya hapo naufunga, maana mtu lazima siku moja ajue khanga aliyovaa ni yake."

Alisema khanga bila nia yoyote. Nilikuwa nimeivaa.

"Na ndama?" mama aliuliza. "Ubao unasema nini juu ya ndama?"

Wote wakageuka kwangu. Mtunga sheria alikuwa ameweka malaika, lakini tumbo la ng'ombe alilisahau.

"Kimsingi," nikaanza.

"Nyamaza," mjomba alisema. "Akirudi, anarudi na mtoto. Kusahihisha ni kufanya kama lile jibu la kwanza halikusomwa. Mtamba angekuwa Samuye, angezalia Samuye."

"Na majani niliyomkatia?" katekista akauliza.

"Umekunywa maziwa?"

"Dang'a tu, yale mazito ya kwanza. Leo asubuhi. Kidogo."

"Basi hayo ndiyo majani yako."

Yule mama alinikaribia mimi. Alikuwa na uso mkavu, hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitesa. "Binti," alisema, "wanasema wewe ulikuwa kwenye lori."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa kwenye lori?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

Alinitazama usoni, akatazama viatu vyangu, kisha akasema, "Ulale salama, mwanangu," akaondoka kwenda Samuye kwa miguu.

Ningependa kuandika kwamba nilibadilika saa ile. Sikubadilika. Nilikwenda nyumbani nikala ugali na samaki. Jumapili nilivaa khanga ile kanisani, nikakaa nyuma ya muuguzi ili aione. Katekista aliimbisha kwa sauti iliyokuwa nzuri kuliko kawaida, labda kwa sababu ya dang'a. Lakini nilianza kuhesabu siku, mimi ambaye likizo sikujua hata Jumatatu ni lini. Siku ya kumi. Siku ya kumi na moja. Mtu mmoja aliyetoka Mwanza alileta habari kwamba kamati itakaa siku ya kumi na tatu na kwamba katibu amekata tamaa: ana neno la kumi na nne kuhusu vumbi, ana barua ya dereva, na hana shahidi asiye na upande. Bila shahidi, matokeo yatabaki yalivyo.

Asiye na upande! Mimi nilikuwa na upande wenye doti nzima ya khanga ubavuni. Lakini nilikuwa ndiyo macho pekee yaliyokuwa juu ya vumbi.

Siku ya kumi na tatu asubuhi nilimwona mjomba akimpakulia katekista kikombe cha chai, wote wawili wakitazama ubao kama watu wanaongoja treni. "Kesho tunafunga," mjomba alisema. Hakuonekana kufurahi. Katekista naye hakuonekana kufurahi. Alisema ndama anaendelea vizuri, kisha akasema tena, kama vile hakuna aliyemsikia.

Nikaaga kwamba nakwenda kutuma barua.

Posta kulikuwa na kibanda kimoja cha simu chenye mlango usiofunga vizuri. Niliagiza simu ya Mwanza kwa dada wa kaunta, nikalipia dakika tatu, nikakaa kwenye benchi karibu saa nzima nikisikia jina la mji wangu likiitwa na kuitwa kwenye waya. Hatimaye dada huyo, ambaye ndiye aliyekuwa opereta, akaniambia niingie. Nilivua raizoni kwanza; sijui kwa nini. Nilisimama kwenye saruji ya baridi kwa miguu mitupu.

"Halo," ilisema sauti ya mzee. "Katibu hapa. Sema kwa nguvu."

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka Shinyanga. Ni habari ya namba tisa."

"Marahaba. Tumo kikaoni hapa hapa, wajumbe wote wananisikia. Wewe nani?"

"Abiria. Nilikuwa juu ya lori la pamba."

"Dereva kaandika alikuwa na magunia."

"Mimi ni gunia moja lililokuwa macho, mzee."

Nilisikia watu wakicheka upande wa pili, mbali, kama ndani ya pipa.

"Haya, gunia. Uliona nini?"

"Alishika mnyororo wa bodi la nyuma. Mkono wa kushoto. Baada ya Tinde, mpaka kabla ya kituo cha Samuye. Tulimpita kumi na nne akiwa bado ameshika."

"Dereva alijua?"

"Hakujua. Kioo chake kilijaa vumbi. Tafadhali hilo liandikwe kwanza."

"Unayo sababu ya kumchukia tisa?"

"Hapana. Nilimwekea dau. Likibadilika nakosa khanga na viatu."

"Mkono wa kulia ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kuacha. Hakuna aliyejua kuhusu karanga isipokuwa mimi na mtu mmoja wa Geita.

"Ulikuwa unapokea karanga, mzee. Nilimpa mimi."

"Ulimpa karanga?"

"Ndiyo."

"Njiani? Akiwa ameshika lori?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa wewe ni shahidi au ni mshiriki?"

"Dakika tatu zimekwisha," opereta akaingilia. "Mnaendelea?"

"Tunaendelea!" tulisema wote wawili, mimi na katibu, na nadhani wajumbe pia.

Aliweka mkonga mezani. Nilisikia viti vikiburutwa, mtu akisoma kanuni kwa sauti ya shule, mwingine akisema "hata hatua moja, imeandikwa hata hatua moja," mtu wa tatu akiuliza karanga za kukaanga au za kuchemsha. Kisha katibu akarudi.

"Sikiliza. Anayevutwa na chombo chenye injini anaondolewa mbioni, hata akivutwa hatua moja. Namba tisa ameondolewa. Kila aliyemfuata anapanda nafasi moja. Kumi na nne ni wa kwanza. Uamuzi ni wa leo, una tarehe ya leo, na hati naitia kwenye basi la asubuhi. Huko kwenu kuna fundi anangojea, nasikia."

"Yupo, mzee. Anafunga kesho."

"Basi ataipata kabla hajafunga. Jina lako tuandike nani?"

"Mzee, naomba lisiandikwe."

"Tutaandika shahidi wa njiani. Karanga tutaziacha. Lakini binti, chuo chenu kinawafundisha nini huko?"

Kabla sijajibu waya ulikwaruza na upande wa Mwanza ukakatika. Nilidhani nimebaki peke yangu na mkonga sikioni, nikishusha pumzi. Kisha sauti ya opereta, yule dada wa Shinyanga, ikasema polepole:

"Dada uliyeko kibandani. Nimeapa kutosema ninayoyasikia humu, na sitasema. Ila ujue tu mimi nilimwekea tisa miche miwili ya sabuni, nikashinda miwili mingine, na mmoja nimeshaufulia."